Kufupisha ripoti ya hitilafu kwa mameneja wasio wa ufundi: mfano wa GitLab, 2017

*Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni ofisa mipango katika taasisi moja hapa Dodoma. Mfumo wetu ulianguka hivi karibuni, na mainjinia wameandika ripoti ndefu ya kilichotokea, imejaa majina ya seva na amri za kompyuta. Mkurugenzi ameniagiza niifupishe iwe ukurasa mmoja kwa ajili ya menejimenti: chanzo, athari na marekebisho. Rasimu yangu ya kwanza mainjinia waliikataa, wakasema nimepotosha. Nilipotumia maneno yao, mameneja hawakuelewa kitu. Nifanyeje?*

Ndugu yangu, ripoti ya kiufundi hufuata saa: saa fulani tuliona hivi, tukajaribu vile, kikatokea kile. Ukiifupisha kwa kuifuata aya kwa aya unabaki na hadithi ileile iliyokatwakatwa. Mameneja wanapata matukio bila kujua yana maana gani kwao, na mainjinia wanaona kiungo walichokihangaikia kimetupwa. Meneja anausoma ukurasa wako akiwa na mambo yake ya kuamua: nani apewe jukumu gani, fedha ziende wapi, wateja waambiwe nini, na kama jambo hili linaweza kurudi kesho. Kwa hiyo isome ripoti yote, iweke pembeni, andika majibu ya maswali hayo, kisha rudi kwenye ripoti kuthibitisha sentensi moja moja.

Ripoti yenu sijaiona, basi nitatumia ripoti iliyo wazi kwa kila mtu. GitLab ni kampuni inayowapa watengenezaji wa programu mahali pa kuhifadhi kazi zao mtandaoni na kushirikiana. Tarehe 31 Januari 2017 data ya seva yake kuu ilifutwa kimakosa, na tarehe 10 Februari kampuni ikachapisha ripoti kamili. Naipenda ripoti hiyo kwa kufundishia kwa sababu ni ya kweli na ya kina, na kwa sababu mtu akiifupisha kwa haraka ataipotosha bila kukusudia.

Kwanza nikueleze tukio lenyewe kama mainjinia walivyolieleza, ila kwa lugha nyepesi.

GitLab.com ilikuwa na seva mbili za hifadhidata. Moja ilikuwa kuu, inapokea na kuandika kila kitu. Ya pili ilikuwa ya akiba, inanakili yanayoandikwa kwenye ile kuu ili ishike nafasi yake ikianguka. Fikiria karani anayenakili daftari la mwenzake ukurasa kwa ukurasa, huku mwenzake akichana na kutupa kurasa za zamani ili apate nafasi. Karani akichelewa sana, kurasa anazozihitaji zinakuwa zimeshatupwa, na hana njia ila kuanza kunakili daftari zima upya. Ndivyo ilivyokuwa usiku ule. Mzigo kwenye hifadhidata ulipanda ghafla, sehemu yake ikitokana na watu wanaosambaza jumbe taka mtandaoni, na seva ya akiba ikaachwa nyuma mpaka ikashindwa kuendelea.

Mainjinia wakaanza kuijaza seva ya akiba upya. Amri inayofanya kazi hiyo, `pg_basebackup`, ilikaa kimya bila kuonyesha kama inaendelea au imekwama. Mhandisi mmoja akadhani kwamba folda ya data kwenye seva ya akiba ina mabaki yanayoizuia, akaamua kuifuta. Lakini dirisha alilokuwa ameandika amri yake lilikuwa la seva kuu. Alistuka baada ya sekunde moja au mbili akaisimamisha, na kufikia hapo kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki GB 4.5.

Wakageukia nakala rudufu, au bakapu kama tunavyosema maofisini. Nakala zilizopaswa kutengenezwa kila siku na kutumwa kwenye hifadhi ya mbali hazikuwepo, kwa sababu programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa ya toleo 9.6, hivyo kila mara ilishindwa. Barua pepe za kutoa taarifa kwamba imeshindwa zilikuwa zikitumwa, ila seva ya barua ilizikataa kwa kukosa uthibitisho unaotakiwa, kwa hiyo hakuna aliyeziona. Picha za diski, yaani nakala za diski nzima kama ilivyo kwa wakati mmoja, ambazo mwenye mitambo, Azure, huzitoa zilikuwa hazijawashwa kwa seva za hifadhidata. Seva ya akiba ilikuwa imeshafutwa katika kazi ileile ya kuijaza upya. Kilichopatikana ni picha ya data aliyoichukua mhandisi kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa ya majaribio. Wakaitumia hiyo. Ilikuwa kwenye mtambo wa majaribio wenye diski za polepole, na kuirudisha kulichukua takriban saa 18.

Sasa tuanze na chanzo, maana hapo ndipo nadhani wewe na mainjinia wako mlipokwaruzana.

Mfupishaji mwenye haraka ataandika: "Chanzo: mhandisi alifuta data ya seva kuu kimakosa." Kila neno ni kweli, na sentensi nzima itawapoteza mameneja. Akiisoma, meneja ana hatua moja tu mbele yake, kumwita mhandisi huyo ofisini. Kumbe nakala za kila siku zilikuwa zinashindwa kabla hajagusa kitu, na zingeendelea kushindwa hata baada ya yeye kufukuzwa. Pia meneja hatajua kwamba mkono uliofuta data ndio uleule uliochukua ile picha ya saa sita kabla. Bila yeye, picha ya karibu zaidi ingekuwa ile ya kawaida inayochukuliwa mara moja kila saa 24.

Huwa nawapa wafupishaji swali moja la kupima sentensi ya chanzo: kama usiku ule angekaa mhandisi mwingine, mzuri vilevile na mchovu vilevile, je, ingeweza kutokea? Majina ya seva zile mbili yalikuwa `db1.cluster.gitlab.com` na `db2.cluster.gitlab.com`. Zinatofautiana kwa tarakimu moja, na madirisha yake yanafanana. Jibu ni ndiyo, ingeweza kutokea. Basi sentensi yako inapaswa kushuka chini zaidi ya mtu, mpaka ifike kwenye kitu ambacho meneja anaweza kukibadilisha. Ndiyo maana maneno "kosa la kibinadamu" siyapendi kwenye muhtasari: yanafunga uchunguzi mahali pale ambapo ungeanza kumfaa meneja.

Jambo lililonisaidia zaidi ni kugawa chanzo katika maswali mawili, na ripoti ya GitLab yenyewe imefanya karibu hivyo. La kwanza: kwa nini mfumo ulianguka? La pili: kwa nini ilichukua muda mrefu kuurudisha, na kwa nini sehemu nyingine haikurudi kabisa? Majibu yake ni tofauti. La kwanza linakupeleka kwenye mzigo, seva iliyoachwa nyuma, na amri iliyoandikwa kwenye dirisha lisilo lake. La pili linakupeleka kwenye nakala rudufu. Mainjinia waliuliza "kwa nini" tena na tena: kwa nini nakala hazikuwepo, kwa nini hakuna aliyejua, kwa nini hazikuwa zikijaribiwa. Wakafika kwenye jibu ambalo halina hata chembe ya ufundi: utaratibu wa kurejesha data haukuwa na mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuujaribu.

Hiyo ndiyo sentensi ambayo meneja anaielewa bila msaada, na ndiyo anayoweza kuifanyia kazi kesho asubuhi. Katika ripoti ndefu imo ndani sana, baada ya matoleo ya programu na mipangilio ya seva. Kazi yako kubwa ni kuitafuta sentensi ya namna hiyo kwenye ripoti yenu na kuipandisha juu. Usipoiona, waulize mainjinia: "Hili lilikuwa jukumu la nani kabla ya tukio?" Wakitazamana, umeshaipata.

Kuna maelezo mengine ya kweli ambayo ni lazima uyaache. Kukaa kimya kwa `pg_basebackup` kuna uzito mkubwa kwa mainjinia, kwani ndiko kulikomfanya mhandisi akisie vibaya. Kwa meneja inatosha kusema "chombo cha kunakili hakikuonyesha kama kinafanya kazi". Idadi ya miunganisho iliyoruhusiwa kwenye hifadhidata, ambayo nayo iliwasumbua usiku ule, iache kabisa. Kipimo changu ni hiki: kama kuondoa jambo hakubadilishi uamuzi wowote wa msomaji, linabaki kwenye ripoti ndefu, na chini ya ukurasa unamwelekeza huko anayetaka kina.

Tuje kwenye athari. Hapa neno "kuathirika" ndilo linaloharibu, kwa kuwa linabeba mambo matatu kwa pamoja: walioshindwa kutumia huduma, waliopoteza kitu moja kwa moja, na wale ambao hawakuguswa ila watasikia habari na kuogopa. Yatenganishe katika sentensi tatu.

Kwa GitLab, huduma haikupatikana kwa takriban saa 18, na hilo liliwahusu watumiaji wote wa GitLab.com. Kilichopotea moja kwa moja ni mabadiliko yaliyoingizwa kwenye hifadhidata kati ya saa 17:20 na 00:00 kwa saa ya kimataifa ya UTC: kwa makadirio ya kampuni, miradi 5,000 hivi, maoni 5,000 hivi na akaunti mpya 700 hivi. Programu zenyewe ambazo watu walikuwa wamezihifadhi pale hazikupotea, ila hazikufikika kwa muda huo. Wateja waliosimika GitLab kwenye seva zao wenyewe hawakuguswa na lolote. Sentensi hii ya mwisho wafupishaji huiacha wakidhani haina habari ndani yake, kumbe ofisa wa huduma kwa wateja ataihitaji kuliko zote simu zikianza kuingia.

Zitazame namba pia. Ile ya GB 300 kubaki GB 4.5 inasisimua, na ukiiweka kwenye ukurasa wako kila meneja ataikumbuka na kuamini kwamba kampuni imepoteza karibu data yote. Haikupoteza, kwa sababu sehemu kubwa ilirudi kutoka kwenye ile picha. Namba ya kweli inayoacha picha ya uongo ni ya kuondoa. Namba zilizobaki zieleze ni za aina gani. GitLab walisema wazi kwamba zile 5,000 na 700 ni makadirio yao. Ukiandika "miradi 5,000 ilipotea" umefuta neno moja dogo, na miezi mitatu baadaye mtu atakushikilia kwa namba hiyo.

Saa nazo ni mtego, hasa kwetu. Ripoti za mifumo huandikwa kwa UTC, na Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Ile 17:20 ya tarehe 31 Januari kwetu ilikuwa saa 2:20 usiku wa tarehe hiyohiyo, lakini data ilifutwa karibu 23:30, ambayo kwetu ni saa 8:30 usiku, na tarehe imeshakuwa 1 Februari. Ukinakili saa za ripoti kama zilivyo, meneja atazilinganisha na malalamiko ya wateja na kukuta hayaoani. Zigeuze zote ziwe saa za mahali mlipo, chagua kati ya "20:20" na "saa 2:20 usiku" usichanganye, na mwanzoni andika mara moja tu kwamba saa zote ni za Afrika Mashariki.

Gharama ya fedha usiikokotoe mwenyewe kama ripoti haikuitaja. Mpe mkurugenzi wa fedha muda na idadi ya walioathirika, yeye ana vigezo vyake.

Katika athari kuna jambo moja la ziada ambalo mainjinia huliandika kwa aibu na wafupishaji hulitupa, nalo ni bahati. Hasara ya GitLab ilikuwa ya saa sita na ushee kwa sababu tu mtu alichukua picha kwa mkono siku ile kwa kazi isiyohusiana. Asingeichukua, hasara ingeweza kufika saa 24. Meneja anayeambiwa hasara iliyotokea bila kuambiwa ukubwa wa hatari iliyokuwepo atapanga fedha za marekebisho kwa kipimo kidogo. Kwa hiyo andika zote mbili, kilichotokea na kilichokaribia kutokea, ukionyesha wazi kwamba kilichozitenganisha hakikuwa mpango wa mtu.

Sasa marekebisho. Ripoti ya GitLab ilikuwa na orodha ndefu ya kazi, kila moja na namba yake: kubadilisha mwonekano wa madirisha ya seva ili yatofautiane waziwazi, kuchukua picha za hifadhidata kila saa, kuweka ufuatiliaji wa nakala rudufu, kujaribu kurejesha nakala kwa njia ya kiotomatiki, kuchunguza mbinu za kuhifadhi mabadiliko mfululizo ili data iweze kurudishwa mpaka dakika fulani, kuhamisha mtambo wa majaribio kwenye mazingira mapya, kuboresha miongozo ya kazi, na kumteua mtu mwenye dhamana ya usalama wa data. Ukiinakili orodha ya namna hiyo kwa mameneja, wataona vitu vingi vinafanyika, watatulia, na hawatauliza kitu. Huo utulivu haujengwi juu ya chochote walichokielewa.

Ifunge kila kazi kwenye tundu inaloziba. Tundu la kwanza: mtu anaweza kuamuru kwenye seva isiyo yake bila kujua. Linapunguzwa na mwonekano tofauti wa madirisha. Nasema "linapunguzwa" makusudi, maana rangi haimzuii mtu kufuta, inamsaidia tu kutambua alipo. Mfupishaji akiandika "tatizo hili halitajirudia" amewaahidi mameneja jambo ambalo hakuna injinia aliyeliahidi, na hapo ndipo rasimu hukataliwa, kwa haki. Tundu la pili: nakala rudufu zinaweza kushindwa bila mtu kujua. Linazibwa na ufuatiliaji pamoja na majaribio ya kurejesha, na haya mawili usiyaunganishe. Ufuatiliaji unakwambia kwamba faili la nakala limetengenezwa. Jaribio la kurejesha ndilo linalokuonyesha kwamba faili hilo linaweza kugeuka kuwa mfumo unaofanya kazi, na kwa muda gani. Tundu la tatu: hata nakala nzuri ilichukua muda mrefu kurudi. Linahusu diski na mahali nakala inapokaa, na kwa kawaida dawa yake ndiyo yenye gharama. La nne: hakuna mwenye dhamana. Dawa yake haihitaji fedha yoyote ya vifaa, inahitaji uamuzi wa menejimenti.

Halafu tenganisha hali za kazi hizo. Mainjinia wanapoandika "kuchunguza" mbinu fulani, wanamaanisha kwamba hawajaamua kuitumia. Kwa Kiswahili cha ofisini ni rahisi sana "kuchunguza" ikageuka "kuweka" wakati wa kufupisha, na bodi ikaamini kwamba kinga ipo. Tumia maneno matatu tu na uyatumie kwa uthabiti: imekamilika, inaendelea, inachunguzwa. Penye tarehe andika tarehe, na pasipo na tarehe usiijaze mwenyewe. Andika "tarehe bado", ili meneja aidai kwa mhusika.

Nikiunganisha yote, ukurasa wa tukio lile ungesomeka hivi, kwa menejimenti ya Afrika Mashariki:

> Muhtasari wa hitilafu ya GitLab.com, 31 Januari hadi 1 Februari 2017 (saa zote ni za Afrika Mashariki)
>
> Kwa ufupi. Usiku wa kuamkia 1 Februari data ya seva kuu ilifutwa kimakosa wakati wa matengenezo. Huduma haikupatikana kwa takriban saa 18. Mabadiliko yaliyoingizwa kwa saa sita na ushee hayakuweza kurejeshwa. Tunaiomba menejimenti imteue mtu mmoja mwenye dhamana ya nakala rudufu na urejeshaji wa data.
>
> Kwa nini mfumo ulianguka. Mzigo mkubwa uliifanya seva ya akiba iachwe nyuma, ikabidi ijazwe upya. Chombo cha kunakili hakikuonyesha kama kinafanya kazi. Katika kutafuta tatizo, amri ya kufuta iliyokusudiwa kwa seva ya akiba iliandikwa kwenye seva kuu. Seva hizo zina majina na mwonekano unaokaribiana, na hakukuwa na kizuizi cha kumtahadharisha mhandisi.
>
> Kwa nini data haikurudi yote, na kwa nini ilichelewa. Nakala rudufu za kila siku zilikuwa zikishindwa kutokana na tofauti ya matoleo ya programu, na taarifa za kushindwa hazikumfikia mtu. Njia nyingine zilikuwa hazijawashwa kwa seva hizi. Urejeshaji haukuwa ukijaribiwa mara kwa mara kwa sababu haukuwa jukumu la mtu yeyote. Data ilirejeshwa kutoka picha iliyokuwa kwenye mtambo wa majaribio wenye diski za polepole.
>
> Athari. Watumiaji wote wa GitLab.com hawakuweza kutumia huduma kwa takriban saa 18. Kilichopotea ni mabadiliko ya kati ya saa 2:20 usiku wa 31 Januari na saa 9:00 usiku wa kuamkia 1 Februari: kwa makadirio, miradi 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700. Programu zilizohifadhiwa na wateja hazikupotea. Wateja wanaotumia seva zao wenyewe hawakuathirika. Hasara ingeweza kufika saa 24. Picha iliyotumika ilichukuliwa kwa ajili ya kazi nyingine.
>
> Marekebisho. Kutofautisha mwonekano wa seva, ili kupunguza uwezekano wa kuamuru mahali pasipo penyewe. Kuchukua picha za hifadhidata kila saa, ili hasara ya namna hii isizidi takriban saa moja. Kufuatilia nakala rudufu na kujaribu kuzirejesha kiotomatiki, ili kushindwa kujulikane kabla ya dharura. Kuhifadhi mabadiliko mfululizo kunachunguzwa. Bado si kinga tuliyonayo. (Hali na tarehe ya kila kazi: zijazwe na mhandisi anayehusika.)

Tazama mambo mawili hapo. Ombi kwa menejimenti limekaa kwenye aya ya kwanza, kwa kuwa wapo watakaosoma hiyo tu. Na mhandisi hatajwi kwa jina wala kwa lawama, lakini kitendo hakijafichwa. Kiswahili kinakuruhusu kusema "data ilifutwa" bila kumtaja mtendaji, na hilo ni sawa, ilimradi sentensi inayofuata ieleze mazingira yaliyoruhusu. Ukiiacha "ilifutwa" peke yake, mameneja wataanza kuulizana ni nani, na kikao kizima kitaishia hapo.

Kabla ya kuupeleka, upitishe kwa watu wawili, kila mmoja kwa swali tofauti. Kwa injinia aliyeandika ripoti usiulize kama muhtasari ni mzuri, maana ataanza kukurudishia maneno yake. Muulize: "Onyesha sentensi ambayo si kweli." Akisema imepungua kina, mwachie kina kibaki kwenye ripoti yake. Akisema si kweli, rekebisha hata kama unaona tofauti ni ndogo. Ukiandika "nakala rudufu zilikuwepo ila hazikufanya kazi", kwa mfano, atakukatalia, kwani nyingine hazikuwahi kutengenezwa na nyingine hazikuwashwa, na dawa za hali hizo mbili haziko sawa.

Mtu wa pili awe mwenzako wa ofisi asiye wa ufundi, mhasibu au wa rasilimali watu. Mpe ukurasa, auchukue asome, kisha auweke chini akueleze kwa maneno yake: nini kilitokea, nani alipoteza nini, nini kinaweza kurudi tena. Akikwambia "mtu fulani alifuta", chanzo chako bado kiko juu juu. Akikwambia "sasa wamesharekebisha", rudi kwenye aya ya marekebisho ukatenganishe kilichokamilika na kinachochunguzwa.

Ukipata nafasi, niandikie tena unitumie aya yako ya chanzo peke yake, bila majina ya taasisi wala ya watu, nikuonyeshe mahali pa kuishusha zaidi.